Mdogo wangu wa bweni anajizuia haja kubwa siku tano hadi sita. Usiku vyoo vikiwa vitupu anakwenda lakini haitoki. Kwa nini?

Kaka_Mkubwa (mleta uzi)

Wakuu, naomba msaada wa watu wanaolijua hili jambo, si utani.

Mdogo wangu ana miaka 15, yuko sekondari ya bweni, sasa hivi yupo nyumbani likizo na zimebaki wiki mbili na nusu arudi. Bwenini kwao wako kama tisini, matundu ya choo ni manane, ya kuchuchumaa. Milango imekatwa chini, matatu tu ndiyo yana komeo. Kengele inagongwa saa 11:30 alfajiri, foleni ya choo na bafu inakwenda mpaka saa 12:40. Chai ni saa 12:50 mpaka 1:15, kipindi cha kwanza saa 1:30.

Mtu akisimama nje ya mlango wake tu, haja inarudi ndani. Kwa hiyo anangoja Jumamosi wenzake wakiwa uwanjani. Siku za kati huwa anaamka saa 8 usiku, anachuchumaa hata nusu saa, hakuna kitu. Amepunguza chakula cha jioni ili "asijaze". Na kuna jambo amenieleza kwa shida sana: wiki za mwisho wa muhula nguo ya ndani ilikuwa inachafuka kidogo kidogo, majimaji, bila yeye kujua. Tukadhani anaharisha, akapewa vidonge vya kuzuia kuharisha.

Maswali yangu mawili. Kwa nini usiku, choo kikiwa kitupu kabisa, bado haitoki? Na tufanye nini kabla hajarudi?

---

Papo_Hapo

Lishe tu hiyo mkuu. Maji ya kutosha, matunda, mboga za majani, na unga wa pumba kijiko kila asubuhi. Mwezi mmoja tatizo kwisha.

---

Zamu_Ya_Usiku

Papo_Hapo hujasoma swali, kijana akiwa peke yake Jumamosi anapata. Shida ni watu.

Kwenda usiku ni wazo zuri, ila anakosea mpangilio. Ijumaa usiku ameze bisakodili vidonge viwili, Jumamosi asubuhi kila kitu kinatoka, wiki imekwisha. Katikati ya wiki ale kidogo. Wengi bwenini wanaishi hivyo.

---

Muuguzi_Zamu

Mleta uzi, nitaanza na yale majimaji, kwa sababu ndiyo ya haraka kuliko maswali yako mawili.

Huenda hakuwa anaharisha. Mtu akijizuia wiki baada ya wiki, kinyesi hukaa kwenye puru na utumbo unaendelea kukinyonya maji. Kinakuwa donge. Kile kilicho laini huko juu hakina pa kupita, kinachuruzika pembeni ya donge na kutoka chenyewe. Puru ikishatanuka kwa muda mrefu, hisia yake hufifia, ndiyo maana hajui kama kimetoka. Kumpa mtu wa namna hiyo dawa ya kuzuia kuharisha ni kuongeza kizibo juu ya kizibo. Usimpe tena.

Mpeleke kituo cha afya wiki hii, usingoje. Watampapasa tumbo chini upande wa kushoto, mara nyingi donge linashikika kwa mkono. Likiwepo, hulainishwa kwa dawa za kuvuta maji kwenye utumbo, makrogoli au laktulosi, kwa siku kadhaa, na kipimo hupangwa kwa umri na hali yake. Siku hizo awe nyumbani karibu na choo, kwa sababu mwanzoni uchafuzi wa nguo huongezeka kabla ya kupungua. Watu hushtuka hapo na kuacha dawa. Ni hatua ya kawaida.

Papo_Hapo, pumba ni nzuri kwa utumbo ulio wazi. Ukiiweka nyuma ya donge unaongeza mzigo kwenye njia iliyozibwa, tumbo linajaa na kuuma. Kwanza donge litoke.

La mwisho kwenye hili: akishapata choo laini, dawa isiachwe siku ileile. Puru iliyotanuka inachukua miezi kurudi hali yake. Kosa ninaloliona kila mara ni hili la kuacha baada ya wiki moja ya mafanikio, kisha mwezi unaofuata mnarudi palepale.

---

Kaka_Mkubwa

Nashukuru sana. Kesho asubuhi tunakwenda. Sasa hilo la usiku?

---

Muuguzi_Zamu

Usiku utumbo mpana nao umelala.

Mchana unasukuma kwa mawimbi, na yapo mawimbi makubwa machache kwa siku yanayokihamisha kinyesi mpaka kwenye puru. Hayo huja hasa nyakati mbili: ukishaamka, na ukishakula. Tumbo likitanuka kwa chakula, utumbo mpana huamshwa, na mlo wa asubuhi ndio wenye nguvu zaidi kwa watu wengi. Kati ya usingizi mawimbi haya karibu hayapo. Kwa hiyo kijana wako saa 8 usiku anachuchumaa mahali patulivu, lakini hakuna kinachosukuma. Anaanza kukamua kwa nguvu, na nusu saa ya kukamua ni njia ya bawasiri.

Halafu amepunguza kula. Anaondoa ile ile kengele inayoamsha utumbo. Kinyesi hakipungui kama anavyodhani, kinachelewa tu na kuzidi ugumu.

Sasa upande wa pili, kwa nini mtu akisimama nje haja inarudi. Njia ya haja ina misuli miwili ya kufunga. Wa ndani hufunguka wenyewe puru ikijaa, huo hatuutawali. Wa nje tunautawala. Tena kuna msuli mwingine umezunguka nyuma ya puru kama mkanda wa teo, unaivuta mbele na kuweka kona. Mtu akihofu kusikiwa, mwili unajikaza kama wa mtu anayekimbizwa, na huo msuli wa nje pamoja na ule wa mkanda haiachii. Ukingoja dakika chache, puru inatulia, hamu inapotea, kinyesi kinarudi juu kidogo. Hamu ikipotea si kwamba haja imeisha.

Kwa hiyo kinahitajika kitu kimoja: saa ambayo utumbo unasukuma NA choo kina nafasi. Saa 8 usiku ina nafasi bila msukumo. Saa 12 asubuhi ina msukumo bila nafasi.

---

Zamu_Ya_Usiku

Sawa, la usiku nimekubali. Lakini bisakodili inasukuma yenyewe, haihitaji chai.

---

Muuguzi_Zamu

Inasukuma, kweli. Ila kidonge hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12. Ukimeza saa 4 usiku, inaweza kukuamsha saa 10 alfajiri au ikakushika saa 4 asubuhi ukiwa umepangwa zamu ya usafi. Na haiji kama hamu ya kawaida, inakuja na msokoto. Mtu mwenye haya ya choo ndiye wa mwisho kutakiwa akimbilie foleni akiwa amejikunja.

Tena inakomba utumbo wote. Jumapili, Jumatatu, Jumanne hakuna kitu cha kusukuma kwa sababu bado haujajaa. Yeye anaona "bila dawa sipati" na Ijumaa anameza tena. Huo mzunguko umeutengeneza mwenyewe. Kama dharura moja, si dhambi. Kama ratiba ya kila wiki, hapana.

---

Ndoo_Ya_Pili

Mimi hali hii ninayo kabisa, mtu akiwa pembeni mkojo hautoki hata nikae dakika kumi. Hii dawa ya laktulosi inasaidia?

---

Muuguzi_Zamu

Hapana, hiyo ni ya kinyesi tu. Lako ni la mkojo, ni ndugu wa hili lakini si hili. Mazoezi ya kuzoea hatua kwa hatua yanafanana, ila kibofu hakisubiri siku tano. Ukikaa saa nyingi mkojo umejaa na hautoki kabisa na tumbo chini linauma, hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Fungua uzi wake, usipotelee humu.

---

Mwalimu_Wa_Zamu

Naangalia ratiba ya mleta uzi. Chai inaisha 1:15. Muuguzi, hamu huja baada ya muda gani tangu kula?

---

Muuguzi_Zamu

Inatofautiana. Kwa wengi kati ya dakika 15 na saa moja. Tuseme aanze kujaribu dakika 20 hadi 30 baada ya kuanza kula.

---

Mwalimu_Wa_Zamu

Basi jibu liko hapo. Akianza chai 12:50, dirisha lake ni kuanzia 1:15 mpaka 1:45. Dakika kumi na tano za kwanza watu wanarudi bwenini kuchukua madaftari na kupita chooni, pana vurugu. Lakini 1:30 kengele ikishagongwa, vyoo vya bweni na vya madarasani vinakuwa vitupu kuliko saa nyingine yoyote ya mchana. Dakika ya 5 ya kipindi cha kwanza ndiyo saa yake.

Kikwazo ni ruhusa, na hapo ndipo wazazi wanapokosea. Wanampigia mwalimu wa darasa, mwalimu anamwita mtoto mbele za watu: "wewe ndiye mwenye shida ya choo?" Basi, amekwisha. Fanyeni hivi. Kituo cha afya kiandike barua fupi: anatumia dawa, anahitaji kutoka dakika 10 hadi 15 mwanzoni mwa kipindi cha kwanza, kwa miezi mitatu. Sababu isielezwe zaidi ya hapo. Barua aipokee matroni au patroni, yeye ndiye aongee na walimu wa kipindi cha kwanza. Mtoto akae kiti cha karibu na mlango. Asinyooshe mkono. Anaweka kalamu nyekundu juu ya daftari, mwalimu akiiona anaitikia kwa kichwa, anatoka.

Iwe saa ileile kila siku. Mwanafunzi anayetoka saa tofauti tofauti tunamshuku anatoroka. Anayetoka 1:35 kila siku, baada ya wiki mbili hakuna hata anayegeuka.

Na kiranja wa zamu apewe taarifa kwamba ana ruhusa, bila sababu, maana viranja ndio huwafukuza watu bwenini saa za vipindi.

---

Papo_Hapo

Dakika 15 kila siku ni saa moja na robo ya masomo kwa wiki. Na kama kipindi cha kwanza ni hesabu?

---

Mwalimu_Wa_Zamu

Hoja ya kweli, sina jibu safi. Anaweza kuanza na siku zote tano kwa mwezi wa kwanza, kisha apunguze zibaki tatu kadiri anavyozoea. Mwili hauhitaji kila siku, sivyo muuguzi?

---

Muuguzi_Zamu

Ndiyo. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni kawaida. Angalia namna kilivyo zaidi ya mara ngapi. Kikiwa kama soseji laini au yenye nyufa kidogo juu, yuko salama, ndiyo namba 3 na 4 kwenye chati ya Bristol inayobandikwa kliniki. Vikianza kutoka vidonge vikavu vilivyoachana, amechelewa, hata kama amekwenda jana.

Ila kwa mwezi wa kwanza akae chooni kila siku hata kisipotoka. Anaufundisha mwili saa.

---

Kimya_Kimya

Naomba niingie na langu. Hosteli, chumba watu wanne, choo cha kukaa kiko ndani ya chumba chetu, mlango wa plaiwudi. Hakuna foleni, kufuli ipo. Tatizo ni sauti. Wanasikia KILA KITU. Hakuna kipindi cha kwanza cha kutorokea, ratiba zetu zote ni tofauti.

---

Fundi_Komeo

Kimya_Kimya, sauti ziko tatu na kila moja ina dawa yake.

Ya kudondokea majini: tandika karatasi ya chooni tabaka tatu au nne juu ya maji kabla hujakaa. Si rundo, rundo linaziba bomba. Ukikaa mbele kidogo kinagonga ukuta wa bakuli badala ya maji, lakini utahitaji brashi baadaye.

Ya hewa: hiyo hutoka kwa kishindo ukiikaza. Ikiachiwa taratibu wakati unatoa pumzi, inapungua sana. Na hewa nyingi hutoka mwanzoni, kwa hiyo kama utafungulia maji, fungulia dakika ya kwanza, usipoteze ndoo nzima. Bomba lidondokee kwenye ndoo yenye maji nusu, kutoka juu. Ndoo tupu inapiga kelele kama ngoma, iliyojaa hailii.

Ya mlango: plaiwudi yenyewe haivuji sauti nyingi kama ule mwanya wa chini. Kunja taulo uubane. Sauti inapungua kwa kiasi utakachoshangaa.

Harufu: vuta maji mara tu kinapodondoka, usingoje umalize yote. Kisha vuta tena mwisho.

Kwa mdogo wake mleta uzi, choo cha kuchuchumaa, amwage kama nusu lita ya maji kwenye sinki kwanza. Uchafu haugandi, hahitaji kukaa anasugua huku watu wanangoja.

---

Saikolojia_Ya_Mtaa

Nitapinga kidogo. Nafanya kazi ya ushauri nasaha na wenye hofu. Kila kinga unayoiweka, maji, taulo, muziki, inauambia ubongo wako: "tungesikiwa, ingekuwa hatari." Siku maji yakikatika, umerudi sifuri. Hofu hupungua kwa kukutana na kile unachokihofia kidogo kidogo, bila kinga.

---

Fundi_Komeo

Na wakati huo anafunga choo? Acha apate haja kwanza.

---

Muuguzi_Zamu

Hapa sitachagua upande. Mtu akiwa na donge au mpasuko kwenye njia ya haja, mimi nataka kitoke leo, kwa maji, kwa taulo, kwa vyovyote. Utumbo ukiwa wazi, hoja ya Saikolojia ina uzito.

---

Kimya_Kimya

Saikolojia, "kidogo kidogo" maana yake nini? Nianzie wapi kesho?

---

Saikolojia_Ya_Mtaa

Andika hali zako kuanzia nyepesi hadi nzito, kila moja uipe namba ya hofu kutoka 0 hadi 10. Kwako inaweza kuwa hivi: chumbani hakuna mtu, 2. Yupo mmoja amevaa spika za masikioni, 4. Yupo mmoja kimya anasoma, 6. Wote watatu wapo wanaongea, 7. Wote wapo kimya, 9.

Anza na ya 4, kwa sababu ya 2 tayari unaiweza. Ingia baada ya kula, wakati msukumo upo. Kaa. Lengo la siku za kwanza si kutoa choo, ni kukaa mpaka namba ishuke, tuseme kutoka 4 hadi 2. Kisha toka. Rudia hatua hiyohiyo mpaka ianze kukuchosha kwa kukosa la kuogopa, ndipo upande. Kwa watu wengi hatua moja inachukua siku kadhaa mpaka wiki mbili. Ukiruka kutoka 4 kwenda 9 na ukashindwa, hofu inaongezeka, kwa hiyo usijifanye shujaa.

Kinachoharibu zaidi ni kukimbia namba ikiwa juu kabisa. Ukitoka hapo, mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kaa hata dakika mbili zaidi.

Na kama unatumia maji, yapunguze kwa hatua vilevile: bomba wazi, kisha nusu, kisha matone, kisha limefungwa.

---

Kaka_Mkubwa

Na huyu wa kwangu ambaye mlango hauna hata komeo? Ngazi yake inaanzaje? Hofu yake ya kufunguliwa mlango si ya kufikirika, wamekwisha kumfungulia.

---

Saikolojia_Ya_Mtaa

Hapo nakubaliana na fundi. Hofu ya sauti unaizoea. Mlango unaofunguliwa na watu si hofu, ni mlango mbovu. Utengenezwe.

---

Fundi_Komeo

Kwanza ujue unafungukia wapi.

Ukifungukia ndani, kabari inatosha. Mbao ngumu, urefu sentimita 12, upana 4, upande mnene sentimita 3 ukipungua hadi kuwa bapa. Chini yake gundisha kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, la sivyo kwenye sakafu yenye maji itateleza kama sabuni. Inaingia mfukoni mwa kaptura. Lakini milango ya kwenu imekatwa chini, kwa hiyo apime kwanza. Mwanya ukizidi sentimita 3 kabari haifiki, atahitaji nene zaidi.

Ukifungukia nje, kabari ni bure. Tumia kamba: fundo kubwa upande wa nje, kamba ipite kwenye tundu la kitasa kilichong'oka, ndani izungushwe kwenye msumari wa fremu. Asifunge kwenye bomba la maji, litang'oka. Na iwe ya kuzungusha tu, isifungwe fundo gumu, ikitokea dharura awe nje kwa sekunde mbili.

Hiyo ni ya muda. La kudumu ni uongozi. Makomeo ya shule hung'oka kwa sababu yanafungwa kwa skrubu fupi kwenye mbao iliyolowa, watu wakivuta mara kumi yametoka. Yafungwe kwa bolti zinazotokeza upande wa pili na nati na washa pana. Mafundi wanajua, ila skrubu ni rahisi.

---

Mwalimu_Wa_Zamu

Kwenye barua kwa matroni msiombe "milango itengenezwe", haitajibiwa. Taja: tundu namba fulani, la mwisho kwenye mstari, linahitaji komeo moja. Ombi dogo lenye namba hutekelezeka.

Na la mwisho kwenye mstari ni bora hata likiwa bovu kidogo, watu hupita mbele ya yale ya kwanza tu.

---

Kaka_Mkubwa

Tumerudi kutoka kituoni. Muuguzi ulikuwa sahihi, donge lilishikika. Wamempa makrogoli, siku ya pili sasa na kweli nguo zinachafuka zaidi. Usingesema mapema ningekuwa nimeshaacha dawa. Niambie sasa namna ya kukaa na kusukuma, maana anakamua mpaka mishipa ya shingo inasimama.

---

Muuguzi_Zamu

Vizuri. Endeleeni.

Kuchuchumaa kwenyewe kunanyoosha ile kona ya puru, kwa hiyo choo chao si kibaya. Visigino vyote viguse chini. Akisimamia vidole, mapaja na makalio yanakaza na misuli ya chini inakaza pamoja nayo. Kama visigino havifiki, ashike ukuta au mlango kwa mkono mmoja na kupanua miguu kidogo.

Kwa Kimya_Kimya mwenye choo cha kukaa: weka miguu juu ya kigoda cha sentimita 20 hivi, magoti yapite nyonga, viwiko juu ya mapaja, egemea mbele. Na usining'inie juu ya kiti kwa kukiogopa. Mtu aliyening'inia ameshikiliwa na misuli ileile anayotaka iachie. Futa kiti, tandika karatasi, kaa kabisa.

Kusukuma: avute pumzi mpaka tumbo litoke mbele, si kifua kiinuke. Kisha atoe pumzi polepole mdomo ukiwa wazi, kama anayepuliza kioo apate ukungu, huku tumbo likibaki limejaa na kuelekea chini. Taya likilegea, na chini hulegea, jaribuni muone. Kukamua huku pumzi imebanwa ndiko kunakosimamisha mishipa ya shingo, na mara nyingi mtu anasukuma juu huku amefunga chini.

Pumzi tano hadi sita, apumzike, arudie. Dakika 10 zikipita hakuna kitu, ainuke aende zake. Kesho tena. Simu isiingie chooni.

Kwa hizo wiki mbili zilizobaki afuate saa za shule hukohuko nyumbani: kuamka 11:30, glasi ya maji, chai 12:50, chooni 1:35. Mkianza kuzoesha mwili siku ya kurudi shule mtakuwa mmechelewa.

---

Saikolojia_Ya_Mtaa

Na wewe kaka siku chache za mwisho usimame nje ya mlango. Kwanza mbali, kisha karibu, kisha ubishe na yeye ajibu "kuna mtu!" kwa sauti kamili na aendelee. Kujibu huko ndiko kunakowashinda wengi, wananyamaza, na kunyamaza ndiko kunakofanya mlango ufunguliwe.

---

Zamu_Ya_Usiku

Na damu? Kuna wanaoona damu nyekundu kwenye karatasi wakanyamaza.

---

Muuguzi_Zamu

Nyekundu mbichi juu ya karatasi pamoja na maumivu makali kama ya kukatwa wakati kinapita, mara nyingi ni mpasuko uliofanywa na choo kigumu. Hupona choo kikilainika, ila aonwe, kwa sababu maumivu humfanya ajizuie zaidi na ule mpasuko hufunguka upya kila mara.

Isiyongoja ni damu iliyochanganyika na kinyesi, kinyesi cheusi kama lami, kukonda bila sababu, homa, au tumbo limevimba, anatapika na hata hewa haitoki. Pia ganzi sehemu anazokalia. Hapo si haya ya choo tena, ni hospitali.

---

Kimya_Kimya

Ripoti fupi. Ya 4 imeshuka hadi 2, siku ya sita leo, choo kimetoka mara mbili mwenzangu akiwa kitandani na spika masikioni. Ila nilibana taulo mlangoni. Saikolojia utasema sijafanya kitu.

---

Fundi_Komeo

Taulo libaki.

---

Saikolojia_Ya_Mtaa

Libaki wiki hii. Wiki ijayo likunje nusu.

---

Papo_Hapo

Swali kwa Muuguzi: nyumba ya kupanga, choo kimoja vyumba sita, foleni asubuhi, hakuna kipindi cha kwanza wala matroni. Watu wote wanaondoka kazini saa ileile. Dirisha linatoka wapi?

---

Muuguzi_Zamu

Sogeza mlo. Ukiweza kula kitu, hata kidogo, dakika 30 kabla ya wa kwanza kuamka, msukumo unatangulia foleni. Usipoweza, mlo wa mchana nao huamsha utumbo, kwa nguvu ndogo zaidi, na choo cha kazini saa 8 mchana mara nyingi hakina mtu. Chagua kimoja ukishike wiki tatu kabla ya kusema kimeshindikana. Wanaofanya zamu za kubadilika, leo usiku kesho mchana, ndio wanaonishinda. Mwenye njia iliyomfaa aiandike.